Namba 20 za LUKU kwa simu: usome mbili mbili au tatu tatu?

Nina dirisha la uwakala hapa Tanga mjini, na ikifika jioni, watu wanaporudi nyumbani wakakuta giza, kazi yangu inageuka kuwa ya kusoma namba. Mtu ananipigia kutoka Pongwe au Muheza, ananitumia hela, namnunulia umeme, namba zinaingia kwenye simu yangu. Ningeweza kumrushia ujumbe tu, na mara nyingi ndivyo nifanyavyo. Lakini yuko ambaye simu yake imejaa haipokei ujumbe, yuko asiyeona maandishi bila miwani, na hata huyo aliyeupata ujumbe bado itabidi asimame sebuleni amsomee kwa sauti mwenzake aliye nje kwenye mita, tochi mdomoni.

Namba yenyewe ina tarakimu 20. Kwenye risiti mara nyingi hupangwa mafungu matano ya nne nne, namna hii:

```
4069 1722 0003 6985 5517
```

Hii nimeitunga mimi, usihangaike kuijaribu. Nimeitunga kwa makusudi iwe na sifuri zilizofuatana, na sita zilizokaa jirani na tisa, kwa sababu huko ndiko kunakoharibikia.

Watu huisoma kwa njia tatu. Wapo wanaotaja kila tarakimu kwa jina lake wakipumzika kila baada ya mbili: "nne sifuri, sita tisa, moja saba, mbili mbili". Wapo wanaotaja vilevile kila tarakimu ila wanapumzika baada ya tatu: "nne sifuri sita, tisa moja saba". Na wapo, tena wengi, wanaolichukua kila fungu kama hesabu ya pesa: "arobaini, sitini na tisa, kumi na saba", au kwa tatu tatu, "mia nne na sita, mia tisa kumi na saba". Wapo pia wanaoshusha zote 20 bila kituo kama wanasoma orodha ya majina ya darasa, lakini hao sina la kusema juu yao, maana kabla hawajafika katikati msikilizaji keshasema "ngoja, ngoja, rudia".

Nianze na hawa wa hesabu ya pesa, kwa sababu ndio wenye hoja inayosikika nzuri. Wanasema fungu lililotajwa kama namba moja linakaa kichwani: "hamsini na tano" ni kitu kimoja, "tano tano" ni vitu viwili. Kwa lugha nyingine huenda ni kweli. Kwa Kiswahili hesabu inakataa, na unaweza kuihakiki kwa vidole. Tarakimu zetu karibu zote zina silabi mbili: moja, tatu, tano, sita, saba, nane, tisa, hata nne ukiitamka vizuri. Mbili na sifuri ndizo zenye tatu. Sasa majina ya makumi ni marefu, halafu kuna "na" katikati. "Tano tano" ina silabi nne, "hamsini na tano" ina saba. Nimeihesabu namba yote ya hapo juu. Ukitaja tarakimu moja moja unapata silabi 46. Ukiitaja kwa makumi unapata 60. Ukienda kwa mamia unapata 59. Kwa hiyo anayedhani anafupisha anarefusha kwa karibu theluthi moja.

Urefu si tatizo kubwa, wa kusubiri atasubiri. Tatizo ni ile "na". Ukisema "mia nne na sita", mwenye kubonyeza anabonyeza 4, 0, 0 wakati wewe bado unaongea, halafu anasikia "na sita" anaongeza 6. Tayari ana 4006 mahali pa 406. Hakosi akili huyo. Amefanya alichosikia, kwa mpangilio aliousikia. Mita haisubiri umalize hesabu, kidole kinatangulia. Ni hivyohivyo kwa "ishirini na mbili", ambayo kwa mtu mwenye haraka huingia kama 2, 0, 2. Halafu fungu linaloanza na sifuri halina jina la hesabu. 03 utaiita nini? "Tatu" peke yake inaipoteza sifuri, kwa hiyo unarudi kutaja tarakimu moja moja, na sasa msikilizaji ana mitindo miwili ndani ya namba moja.

Tena makumi yenyewe yanafanana mno simuni. Ishirini, thelathini, arobaini, hamsini, sitini, sabini, themanini, tisini: yote yanaishia sauti moja, na Kiswahili kinatia mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, maana yake sauti inapanda pale pale yanapofanana. Kinachoyatofautisha ni mwanzo wa neno, sehemu ambayo simu mbovu huimeza kwanza.

Jamaa waliokulia Bujumbura au Lubumbashi huniambia kwao namba za simu zinatajwa mbili mbili kama hesabu na hakuna anayelalamika. Ni kweli, lakini wanafanya hivyo kwa Kifaransa, tena kile cha Kibelgiji ambacho kina neno moja la sabini na neno moja la tisini. Wa Kifaransa cha Ufaransa husema "sitini na kumi", na hapo hata wao kwa wao huandika 6 kisha wakaifuta.

Basi njia ya hesabu tuiache, isipokuwa mahali pamoja nitakapopataja mbele. Ushindani wa kweli uko kati ya mbili mbili na tatu tatu, kila tarakimu ikitajwa kwa jina lake.

Tatu tatu ina faida yake. Namba 20 kwa tatu tatu ni vituo saba, kwa mbili mbili ni vituo kumi. Na sauti inakaa vizuri: ya kwanza juu, ya pili juu, ya tatu inashuka, msikilizaji anajua fungu limefungwa. Kwa mtu aliyekaa mezani na kalamu hii ndiyo njia ninayoipenda, kwa sababu mkono unaandika tarakimu tatu kwa mkupuo bila kuuliza. Lakini 20 haigawanyiki kwa tatu. Utasoma mafungu sita ya tatu, utabaki na mbili mkiani, na msikilizaji aliyezoea mdundo wa tatu atasubiri ya tatu isiyokuja. "Endelea." "Zimeisha." "Mbona kama imebaki moja?" Mazungumzo hayo nimeyafanya mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka.

La pili ni risiti. Imepangwa nne nne, na fungu la tatu linavuka nafasi. Tazama namba yetu: 406 ni sawa, lakini fungu linalofuata ni 9 ya mwisho ya kundi la kwanza pamoja na 17 za kundi la pili. Jicho la msomaji linalazimika kuruka pengo na kurudi, kila mara mahali tofauti:

```
risiti:     4069 1722 0003 6985 5517
mbili:      40 69 | 17 22 | 00 03 | 69 85 | 55 17
tatu:       406 917 220 003 698 555 17
```

Jicho linaporuka ndipo unaposoma tarakimu mara mbili au unaipita. Mbili mbili inaingia ndani ya nne bila kukata kitu. Kila baada ya mafungu mawili unafika kwenye nafasi iliyochapwa, hapo unaweka kituo kirefu zaidi. Kwa hiyo mimi husoma hivi: "nne sifuri, sita tisa", kimya cha pumzi moja, "moja saba, mbili mbili", kimya. Anayebonyeza akipotea hahitaji kurudi mwanzo, anasema "nilipotelea kundi la tatu" na wote wawili tunapajua.

La tatu ni kidole. Mtu aliye kwenye mita hana kalamu. Mkono mmoja una tochi, mwingine unabonyeza, na vitufe vya mita au rimoti ni vigumu, vingine unavibonyeza mara mbili ndipo viitike. Tarakimu mbili anazibeba kichwani bila shida hata kitufe kikikwama. Tatu anazibeba kama kila kitu kimekwenda sawa. Kitufe cha kwanza kikigoma, ya tatu inatoka kichwani, naye hataki kusema imetoka, anakisia.

Mwaka 2024 ndio ulionimalizia ubishi huu. Mita zilitakiwa kuboreshwa kabla ya tarehe 24 Novemba ya mwaka ule, na mteja akinunua umeme alipokea namba tatu badala ya moja, kila moja tarakimu 20, aziingize kwa mpangilio: mbili za kuboresha mita, kisha ile ya umeme. Tarakimu 60 kwa mtu mmoja. Nilianza msimu ule nikisoma tatu tatu ili niwahi foleni. Baada ya siku mbili nilirudi kwenye mbili mbili, kwa sababu vituo vichache havina faida kama utasoma kila namba mara mbili.

Sasa nije kwenye majina ya tarakimu, maana unaweza kupanga mafungu vizuri na bado ukaharibu. Kiswahili kina jozi tatu zinazogombana simuni. Nne na nane: nne ikitamkwa haraka inabaki mguno, mtu anakisia nane. Tatu na tano: zinaanza sawa, na mwisho wa neno ndio unaoliwa na mtandao. Na kubwa kuliko zote, sita na tisa. Ziweke pamoja uzione: si-ta, ti-sa. Irabu zilezile, konsonanti zilezile mbili, zimebadilishana viti tu. Zikikaa jirani, kama 69 kwenye namba yetu, hata mtu mwenye masikio mazima anaweza kuzigeuza. Mtu wa makumi naye hajaokoka, maana sitini na tisini ni ugomvi uleule.

Marubani wanaoongea Kiingereza redioni walilitatua la kwao kwa kubadili makusudi matamshi ya tano na tisa. Sisi hatuna haja ya kubuni, tuna kenda. Wazee wa pwani bado wanaitumia kwa tisa, na haifanani na tarakimu nyingine yoyote. Mteja akiwa wa umri wa kuijua, naitumia bila kuuliza. Nne nayo naivuta kidogo mwanzoni, "n-ne", na nane naiacha ilivyo.

Halafu kuna tarakimu zinazojirudia. Usizihesabu. Ukisema "sifuri tatu" umesema nini, 000 au 03? Ukisema "tano mbili", ni 55 au 52? Wanaochanganya Kiingereza wana "dabo" yao, nayo ina shida ileile: "dabo tano tano" wengine hubonyeza mbili, wengine tatu. Hapa mbili mbili inakusaidia bila wewe kufanya lolote. 0003 inajikata yenyewe kuwa "sifuri sifuri, sifuri tatu", na kwa kuwa msikilizaji anajua kila fungu lina tarakimu mbili, "sifuri tatu" haiwezi kuwa kitu kingine. Kwenye tatu tatu, 555 inakuwa "tano tano tano", na wa upande wa pili anajiuliza kama umerudia kwa sababu hakusikia.

Niwaonyeshe jioni moja ilivyokuwa. Tuitumie namba yetu ya kutunga mahali pa ile ya kweli. Shangazi alipiga simu, umeme umekata akiwa na wali jikoni.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Nisomee taratibu, Juma ndiye anayebonyeza."

Nikaanza vizuri, makundi mawili ya kwanza yakaenda. Kufika la tatu kulikuwa na mteja dirishani ananigongea kioo, nikateleza nikasema "sifuri tatu, halafu tatu". Mwenyewe nilimaanisha 0003. Nikaendelea hadi mwisho, mita kimya. Shangazi akasema haijasema kitu, inangoja.

Hapo swali la kwanza si "mmebonyeza nini". Ni "zimeingia ngapi". Kama zimeingia pungufu ya 20, tarakimu imemezwa, na mahali pa kutafuta ni kwenye zinazojirudia. Kama mita imejaa nawe bado una moja mkononi, kuna iliyobonyezwa mara mbili, kwa kawaida kwenye kitufe kigumu. Kama ni 20 kamili na mita imekataa, tarakimu zimebadilishwa au zimepishana, nenda moja kwa moja kwenye sita na tisa. Maswali haya matatu yanakuokoa kusoma upya ovyo.

Juma akahesabu: 19. Nikamwambia aanze kunisomea kundi la tatu kama lilivyo kwenye kioo. Kwenye mita nyingi kioo hakionyeshi zote 20 kwa pamoja, kwa hiyo ilibidi afute arudi nyuma hadi alipolikuta. Akasoma: "sifuri tatu, tatu sita." Yaani 0336. Kila kitu kilikuwa kimesogea hatua moja, na hiyo sita ilikuwa ya kundi la nne. Kosa lilikuwa langu, la kuhesabu sifuri badala ya kuzitaja. Tukaanza kutoka hapo, "sifuri sifuri, sifuri tatu", tukamaliza. Safari hii 20 kamili. Mita ikakataa.

Hapa watu huogopa kwamba umeme umepotea au umeingia kwa jirani. Haupotei. Namba ile imefungwa kwa mita moja tu na ndani yake mna hesabu ya kujihakiki, kwa hiyo ikikosewa mita inaikataa tu na namba sahihi inabaki hai. Cha kuangalia ni kutobahatisha mfululizo, kwa sababu baadhi ya mita zikikosewa mara nyingi hugoma kupokea kwa muda.

Nikamwambia Juma anisomee yeye, mbili mbili, mimi nifuatishe. Hili ndilo la muhimu kuliko "eeh, eeh", maana mtu akisema "eeh" amekubali alichosikia yeye, si ulichosema wewe. Alipofika kundi la nne akasema "tisa sita, nane tano".

"Hapana. Sita, kenda."

"Kenda ndiyo nini?"

Nikamsikia shangazi kwa nyuma: "Tisa hiyo, mtoto wewe! Bonyeza sita kwanza, halafu tisa!" Taa zikawaka, akakata simu bila kuaga, nadhani wali ulikuwa unaungua. Tangu siku ile kwa vijana nasema "tisa, ile ya baada ya nane". Ni ndefu, lakini naitaja pale tu inapokaa jirani na sita.

Namba nyingine hazitaki dawa hiihii. Namba ya malipo ya serikali ina tarakimu 12 na huanza na 99. Kumi na mbili inagawanyika kwa tatu vizuri, mafungu manne bila mkia, na mara nyingi anayeipokea yuko benki au dirishani kama langu na kalamu mkononi. Hiyo naisoma tatu tatu, na sijutii. Namba ya simu ina kumi, na masikio yetu yameshazoea nne kisha tatu kisha tatu. Kuikata mbili mbili kunamchanganya mtu hata kama ni sahihi. Na hapa ndipo mahali pekee ambapo hesabu ya makumi inakubalika: ule mwanzo. Ukisema "sifuri saba hamsini na nne", hakuna anayebonyeza 504, kwa sababu mianzo ya mitandao imeshakuwa kama majina ya mitaa. Ukiendelea na mtindo huo hadi mwisho wa namba, umerudi kwenye shida zilezile.

Namba ya NIDA nayo ina tarakimu 20, lakini usiisome kama LUKU. Imekatwa nane, tano, tano, mbili, na zile nane za kwanza ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Fuata mistari iliyochapwa. Nane zisome mbili mbili, tano zisome mbili kisha tatu, na useme "kistari" unapofika. Ukiisoma tatu tatu kuanzia mwanzo, fungu la tatu litachukua tarakimu mbili za tarehe na moja ya kundi linalofuata, na mwenye namba mwenyewe ataikana.

Tena hiyo ya NIDA siisomi kwa sauti dirishani, wala vocha. Namba ya LUKU hata mtaa mzima ukisikia haina faida kwao, kwani inafungua mita moja. Vocha ni ya atakayewahi kuiingiza. Mteja wa vocha asiyeona vizuri namwambia asogee, naandika kwenye karatasi kwa tarakimu kubwa, tatu tatu, namkabidhi.